Diski, washa au ganda: chora utepe kwanza, mhimili utauliza baadaye

*"Shikamoo mwalimu. Nina eneo lililofungwa na y = √x, y = x − 2 na mhimili wa x, linazungushwa kuuzunguka mhimili wa x. Nimetumia washa kuanzia 0 hadi 4 nikapata 8π/3. Kitabu kinasema 16π/3, tena kimetumia maganda, wakati sisi tuliambiwa maganda ni ya mhimili wa y. Nitajuaje njia ipi inafaa wapi?"*
(Mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa kwanza)

Marahaba. Kitabu kiko sahihi. Jibu lako ni nusu kamili ya jibu lake, na hiyo nusu iliyopotea ina umbo linaloonekana: ni koni yenye urefu wa 2 na nusukipenyo cha 2, ambayo umeichimba mahali ambapo hapakuwa na shimo. Tuanze hapo, kwa sababu ukiona ulipoichimba, sehemu kubwa ya swali lako la pili itakuwa imejibiwa.

Chora eneo lenyewe, hata kwa mkono. y = √x inaanzia kwenye asili na kupanda taratibu hadi (4, 2). Mstari y = x − 2 unaukata mhimili wa x penye x = 2, kisha unapanda na kukutana na √x pale pale kwenye (4, 2). Umbo lililofungwa lina sakafu bapa kutoka 0 hadi 2, halafu sakafu inainuka kwa mteremko kutoka 2 hadi 4. Paa lake ni √x mwanzo hadi mwisho.

Sasa tazama ulichoandika:

V = π ∫₀⁴ [ (√x)² − (x − 2)² ] dx

Simama kwenye x = 0.25. Paa liko kwenye 0.5, na huo ndio nusukipenyo cha nje. Nusukipenyo cha ndani, kwa mujibu wa fomula yako, ni x − 2, yaani −1.75. Ukikipandisha kipeo cha pili, hasi inafutika, na unabaki na washa ambayo upana wake kwa nje ni 0.5 na tundu lake ni 1.75. Tundu kubwa kuliko washa! Hesabu hailalamiki. Inatoa namba hasi na kuiingiza kimyakimya kwenye jumla. Kwenye x = 1 nusukipenyo vyote viwili vina ukubwa wa 1, kwa hiyo fomula inasema hapo hakuna kitu kabisa, ilhali mchoro unaonyesha diski nzima yenye nusukipenyo cha 1.

Chanzo ni kwamba kati ya 0 na 2 mstari y = x − 2 uko chini ya mhimili wa x na wala si mpaka wa eneo lako. Mpaka wa chini hapo ni mhimili wenyewe. Kwa hiyo sehemu hiyo inatoa diski zisizo na tundu, na washa zinaanza x ikivuka 2:

V = π ∫₀² x dx + π ∫₂⁴ [ x − (x − 2)² ] dx = 2π + 10π/3 = 16π/3

Tofauti kati ya hii na yako ni π ∫₀² (x − 2)² dx, ambayo ni 8π/3. Ndiyo ile koni.

Kabla hatujagusa maganda, angalia kwamba jibu hili linaweza kuthibitishwa bila integrali hata moja. Umbo zima la √x likizungushwa kutoka 0 hadi 4 ni paraboloidi, na Arkimedi alishaonyesha katika karne ya 3 kabla ya Kristo kwamba ujazo wa umbo la namna hiyo ni mara moja na nusu ya koni yenye kitako na urefu uleule. Koni ya nusukipenyo 2 na urefu 4 ni 16π/3, mara moja na nusu yake ni 8π. Kutoka humo unaondoa koni halisi ya kati ya x = 2 na x = 4, yenye nusukipenyo 2 na urefu 2, ambayo ni 8π/3. Inabaki 16π/3. Wewe uliondoa koni mbili: moja iliyokuwepo, na pacha wake upande wa kushoto wa x = 2.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Ile kauli kwamba maganda ni ya mhimili wa y naijua, inazunguka sana, na ningependa uiache leo. Imetokana na mazoea tu: mifano mingi ya vitabuni huandikwa y = f(x), tepe zake hukatwa wima, na utepe wa wima ukiuzunguka mhimili wa y unatoa ganda. Kinachoamua ni uhusiano wa utepe na mhimili. Jina la mhimili halina kazi hapo.

Utaratibu ninaoutumia ni huu. Nikishachora eneo, nauweka mhimili kando kwa muda na kujiuliza swali moja: nikilikata eneo hili kwa tepe nyembamba, zielekee wapi ili kila utepe uanzie kwenye mpaka mmoja na kuishia kwenye mpaka mwingine, bila mipaka hiyo kubadilika njiani? Nikishaamua, ndipo naangalia mhimili. Utepe ukiwa umeuelekea mhimili kwa pembe mraba, ukizungushwa unafagia diski, au washa kama kuna nafasi kati yake na mhimili. Utepe ukiwa sambamba na mhimili, unafagia ganda la silinda.

Katika swali lako, tepe za wima zina dosari tuliyoiona: ncha ya chini inabadilisha mpaka penye x = 2. Kata tepe za mlalo. Kwa kila y kati ya 0 na 2, utepe unaanzia kushoto kwenye √x, ambayo ukiigeuza ni x = y², na kuishia kulia kwenye mstari, ambao ni x = y + 2. Hakuna kinachobadilika kutoka chini hadi juu. Urefu wa utepe ni y + 2 − y², na unene wake ni dy.

Mhimili wa x nao ni wa mlalo, kwa hiyo utepe uko sambamba nao, na tunapata ganda. Kuhusu ujazo wa ganda, usikariri fomula peke yake. Lichukulie kama bomba la bati jembamba: ulikate kwa urefu, ulikunjue mezani, linakuwa bati bapa. Upande mmoja wa bati hilo ni mzingo wa bomba, 2π mara nusukipenyo. Upande wa pili ni urefu wa bomba. Unene ni unene wa bati. Hapa nusukipenyo ni umbali wa utepe kutoka mhimili wa x, yaani y. Basi:

V = 2π ∫₀² y (y + 2 − y²) dy = 2π [ y³/3 + y² − y⁴/4 ]₀² = 2π (8/3 + 4 − 4) = 16π/3

Integrali moja, hakuna kugawa, na hakuna mahali pa kuchimba koni ya uongo. Ndiyo maana kitabu kilichagua hivyo.

Sasa lichukue eneo lilelile, ulizungushe kuuzunguka mhimili wa y. Tepe hatuzibadilishi, kwa sababu ubora wake ulitokana na eneo na mhimili haukuhusika. Zinabaki za mlalo, ila safari hii zimeuelekea mhimili kwa pembe mraba, kwa hiyo zinafagia washa. Ncha ya mbali iko umbali wa y + 2 kutoka mhimili, ya karibu iko umbali wa y²:

V = π ∫₀² [ (y + 2)² − y⁴ ] dy = π (56/3 − 32/5) = 184π/15

Ungeng'ang'ania maganda hapa kwa sababu tu mhimili ni wa y, ungelazimika kugawa tena penye x = 2. Jibu lingetoka lilelile, kwa kazi mara mbili. Kwa hiyo eneo lako hili moja linakanusha ile kauli pande zote mbili: maganda yamefaa kwa mhimili wa x, washa zimefaa kwa mhimili wa y.

Kuna kosa moja la washa ambalo halikukupata lakini nakutana nalo mara nyingi kwenye madaftari: kuandika (R − r)² badala ya R² − r². Washa ni duara kubwa lililoondolewa duara dogo, kwa hiyo unatoa maeneo, hutoi nusukipenyo. Kosa hili halitoi namba hasi wala ishara yoyote ya hatari. Linatoa tu jibu dogo kupita kiasi, na dawa yake nitakupa hapo chini.

Wakati mwingine uchaguzi haupo kabisa. Chukua y = 3x² − x³ na mhimili wa x, kuanzia 0 hadi 3, uzungushe kuuzunguka mhimili wa y. Kilima hiki kinapanda hadi kimo cha 4 penye x = 2, kisha kinashuka. Ukikata tepe za mlalo ili upate washa, kila utepe unaanzia mteremko wa kushoto na kuishia mteremko wa kulia, na ili ujue ncha hizo ziko wapi inabidi utatue 3x² − x³ = y kwa ajili ya x. Huo ni mlinganyo wa kipeo cha tatu. Unatatulika kwa kanuni ndefu ambazo hakuna mtahini anayekutarajia uziandike, halafu bado uzipandishe kipeo cha pili na kutafuta integrali yake. Tepe za wima hazina shida hiyo: zinaanzia chini kwenye 0, zinaishia kwenye kilima, na ziko sambamba na mhimili wa y.

V = 2π ∫₀³ x (3x² − x³) dx = 2π (243/4 − 243/5) = 243π/10

Kilima hicho hicho ukikizungusha kuuzunguka mhimili wa x, tepe za wima zinabaki na zinakuwa diski. Unapandisha 3x² − x³ kipeo cha pili, unapata 729π/35, na kazi imeisha. Umeona utaratibu: umbo la eneo linachagua utepe, utepe na mhimili kwa pamoja vinachagua jina la njia.

Mara chache tepe zote mbili zinafaa sawasawa. Hapo tu ndipo naangalia integrali ipi ni nyepesi. Eneo chini ya y = ln x kutoka 1 hadi e, likiuzunguka mhimili wa y, kwa maganda linakupa 2π ∫ x ln x dx, ambayo inahitaji integrali kwa sehemu. Kwa washa, utepe wa mlalo unatoka e^y hadi e, na unapata π ∫₀¹ (e² − e^(2y)) dy, ambayo unaimaliza kwa mistari miwili. Zote zinatoa π(e² + 1)/2. Mimi ningechukua washa, lakini mwenye kupenda integrali kwa sehemu simzuii.

Mhimili ukihama kutoka kwenye x au y, mambo yanayobadilika ni machache kuliko watu wanavyodhani. Rudi kwenye eneo lako, ulizungushe kuuzunguka mstari y = −1. Utepe wa mlalo bado ni sambamba, kwa hiyo bado ni ganda. Urefu wake haujabadilika, maana urefu wa utepe ni mali ya eneo. Kilichobadilika ni umbali tu: utepe uliokuwa umbali wa y sasa uko umbali wa y + 1.

V = 2π ∫₀² (y + 1)(y + 2 − y²) dy = 12π

Linganisha na anayetumia tepe za wima. Yeye mhimili ukihama, diski zake zote zimegeuka washa, kwa sababu sakafu ya eneo sasa iko juu ya mhimili kwa 1. Inambidi aongeze 1 kwenye nusukipenyo cha nje na cha ndani, katika sehemu zote mbili. Akisahau cha ndani kati ya 0 na 2, ambako kabla hakukuwa na tundu, ameshapotea. Atafika 12π pia akiwa makini, ila milango ya kukosea ni mingi.

Sharti moja la fomula hizi zote: eneo liwe upande mmoja wa mhimili. Ungeambiwa uzungushe kuuzunguka y = 1, mhimili ungelipasua eneo katikati, sehemu ya juu na ya chini zingefagia nafasi moja, na umbali y − 1 ungekuwa hasi kwa nusu ya tepe. Hapo inabidi ukunje sehemu moja juu ya nyingine kwenye mchoro, uone umbo la nje ni lipi, kisha ndipo uandike integrali.

Na sasa dawa niliyokuahidi, ya kukagua jibu lolote kabla hujalifunika. Papo wa Aleksandria, mwanahisabati wa karne ya 4, aliacha kanuni kwamba ujazo wa umbo la mzunguko ni eneo lenyewe mara urefu wa njia inayotembewa na kitovu cha eneo hilo: V = 2π × umbali wa kitovu × eneo. Eneo lako ni ∫₀² (y + 2 − y²) dy = 10/3. Ukigawa jibu lako, 8π/3, kwa 2π mara 10/3, unapata 0.4. Maana yake unadai kwamba kitovu cha eneo kiko kimo cha 0.4 tu kutoka sakafuni.

Tazama mchoro uone kama inaingia akilini. Upana wa eneo ni 2 penye y = 0, ni 2.25 penye y = 0.5, ni 2 tena penye y = 1, na bado ni 1.25 penye y = 1.5. Umbo lenye mwili mpana hivyo hadi zaidi ya nusu ya kimo chake haliwezi kuwa na kitovu chini kiasi hicho. Ukilikagua jibu la kitabu kwa njia hiyohiyo, unapata 0.8, chini kidogo ya nusu ya kimo, kwa kuwa umbo linasinyaa kuelekea juu. Hiyo inakubalika. Huhitaji kukijua kitovu kwa usahihi. Inatosha jicho lako likatae kinachokataliwa. Kosa la (R − r)² nalo hukamatwa hapa. Kwa mfano eneo kati ya y = x² na y = 2x, likiuzunguka mhimili wa y, ujazo wake ni 8π/3, na kosa hilo linatoa 8π/15, mara tano pungufu. Eneo hilo ni 4/3, kwa hiyo jibu la kosa linaweka kitovu penye x = 0.2, wakati eneo lenyewe linaenda kutoka 0 hadi 2 na ni pana zaidi katikati, penye x = 1.

Kanuni ya Papo inathibitisha pia ile 12π ya y = −1. Kitovu kilikuwa umbali wa 0.8, mhimili umesogea chini kwa 1, sasa ni 1.8. Zidisha 2π × 1.8 × 10/3 uone.

Ukikutana na mtihani unaosema "tumia njia ya washa", basi huna uchaguzi: chora tepe zilizouelekea mhimili kwa pembe mraba hata kama zinakulazimisha kugawa, na andika wazi kwenye karatasi ni penye x au y ipi mpaka unabadilika. Mstari huo mmoja ungekuokoa safari hii.

Zoezi lako: eneo lilelile, mhimili y = 2. Tumia maganda. Jibu ni 8π. Ukipata −8π, umeandika umbali kama y − 2. Utepe uko chini ya mhimili, kwa hiyo umbali ni 2 − y. Ukipata 16π/3, umehamisha mhimili kwenye mchoro ukausahau kwenye integrali.